Babu anasema "tukapanda, tukapanda": niache au nifute?

*Shikamoo dada. Babu yangu ana miaka 86, yuko Kibosho, mimi niko hapa mjini Moshi. Nimemrekodi kwa simu kama masaa 11 maisha yake yote, tunataka tumtengenezee kitabu cha familia. Nimeandika kurasa 30 nikasafisha Kiswahili, nikatoa kurudiarudia, nikampa shangazi asome. Akasoma mbili akanirudishia, akasema "huyu siyo baba." Nimechoka kwa kweli. Nikiacha kama alivyoongea haisomeki, nikisafisha anapotea. Nifanyeje? Naambatanisha klipu ya dakika tatu ya mama yake na kahawa, na nilivyoiandika mimi.*

Marahaba mdogo wangu. Shangazi yako yuko sahihi, ila usivunjike moyo maana hizo kurasa 30 hazijapotea, kazi ya kusikiliza umeshaifanya na ndiyo ngumu. Mimi kazi yangu ni hii, kuhariri kumbukumbu za wazee, na kosa lako nimelifanya mwenyewe kwa mama yangu mkubwa miaka ile naanza. Nilimtengenezea kitabu kisafi mno, akakifunua, akaniuliza huyu mama anayeongea humu ni nani, mbona amesoma sana.

Nimesikiliza klipu yako mara nne, tuanzie hapohapo maana yote unayouliza yamo humo. Wewe umeandika hivi:

*Nikiwa mtoto mdogo nilimsaidia mama yangu kupeleka kahawa katika stoo ya ushirika. Hata hivyo, karani aliikataa kwa sababu haikuwa imekauka vizuri, hivyo ilitubidi kurejea nyumbani, safari iliyokuwa ngumu kutokana na mlima mkali.*

Babu yeye kasema hivi, nimeandika neno kwa neno na kila alipovuta pumzi nimeshuka mstari:

*Basi tukajitwisha.*
*Mama debe lake, mimi langu, la kwangu dogo, siyo debe kamili, la kwangu lilikuwa, kile, kile nini, galani.*
*Galani.*
*Tukashuka. Tukashuka tukashuka, tukafika stoo.*
*Tumefika stoo, karani akachukua punje moja, akaitia menoni, akabana.*
*Kimya.*
*Kahawa kavu inalia. Hii haikulia.*
*Akasema mama, hii mbichi. Hii mbichi, rudisha.*
*Mama hakusema neno.*
*Akajitwisha debe lake. Mimi galani yangu.*
*Tukapanda. Sasa kupanda siyo kama kushuka, wewe mwenyewe unapanda pale na gari linalia.*
*Tukapanda. Tukapanda. Tukapandaaa.*

Watu wengi wanadhani mzee anarudia maneno kwa sababu ya uzee, au kwa sababu hajasoma. Hapana. Anayeongea hana karatasi, hawezi kukurudisha ukurasa wa nyuma, kwa hiyo kila kitu anachotaka ukikumbuke lazima akuwekee tena mkononi, na kila kitu kinachochukua muda lazima akichukulie muda mdomoni. Kwenye maandishi unasema "safari ilikuwa ngumu" ukamaliza. Yeye hakukuambia ilikuwa ngumu hata mara moja, umeona? Amekupandisha. Na angalia kitu kimoja kizuri sana ambacho nadhani hukukisikia, "tukashuka" ya pili na ya tatu kazisema pamoja harakaharaka bila pumzi katikati, "tukapanda" kila moja ina pumzi yake, na ya mwisho ameivuta. Debe lilelile, njia ileile, lakini kurudi ni kurefu kuliko kwenda kwa sababu unarudi na kitu kilichokataliwa. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na wewe umeifuta ukaweka "kutokana na mlima mkali". Samahani nakuwa mkali kidogo.

Sasa, siyo kila kurudia kuna kazi, na hapa ndipo nakukubalia kwamba ukiacha yote haisomeki. "Lilikuwa, kile, kile nini" ni mtu anatafuta neno, hiyo futa bila huruma, kila mtu anafanya hivyo hata wewe, na ukimwachia babu kwenye karatasi utamfanya aonekane anababaika wakati kwenye rekodi hababaiki kabisa. Lakini ile "la kwangu dogo, siyo debe kamili" usiiguse, pale hatafuti neno, pale anajisahihisha asije akajisifu mbele ya mjukuu kwamba alibeba debe zima. Hiyo ni tabia yake. Tofauti utaijua kwa sauti, mtu anayetafuta neno sauti inabaki juu inaning'inia, mtu anayejisahihisha sauti inashuka inatulia.

Halafu kuna ile "tukafika stoo. Tumefika stoo, karani akachukua". Nina uhakika hizo umezifuta kurasa zote 30. Hiyo ni ndoano, mwisho wa sentensi moja unashikwa na mwanzo wa inayofuata, ndivyo wasimuliaji wetu wanavyofunga hatua na hatua, hata wanaosimulia hadithi za sungura. Masikio yanaipenda ila macho yanachoka nayo haraka. Mimi huwa naacha ndoano pale tu panapobadilika mahali au anapoingia mtu mpya, kama hapa stoo, zilizobaki nafuta. Ukiacha moja kwenye nne hivi msomaji bado anasikia mtindo wake wala hakereki.

Kuna kurudia kwingine ambako hutakuona ndani ya dakika tatu, na ndiko nakuomba ukutafute kabla hujaandika neno jingine. "Mama hakusema neno." Nilipoisikia nikasimamisha rekodi. Alivyoitamka ni kama mtu anayeisema siyo mara ya kwanza, ina mdundo wake, kanyamaza kabla na baada. Nikakupigia, nadhani unakumbuka, nikakuuliza kama iko sehemu nyingine, ukasema ngoja, ukarudi jioni ukaniambia ipo pale wanapomzika baba yake, na ipo tena karibu na mwisho siku anamletea mama yake mshahara wake wa kwanza, ila pale anasema "mama hakusema neno, akanishika mkono." Basi hicho ndicho kibwagizo cha kitabu chako. Babu hajakaa akapanga, lakini maisha yote ya mama yake ameyaning'iniza kwenye sentensi hiyo moja. Wewe ungeiandika mara ya kwanza "mama alinyamaza", mara ya pili "mama hakuzungumza chochote", mara ya tatu "alishindwa kusema", maana shuleni tulifundishwa kurudia neno ni umaskini wa msamiati. Kwenye kazi hii ni kinyume chake. Kibwagizo kiandike kwa maneno yaleyale, herufi kwa herufi, ili siku kinapobadilika kidogo, "akanishika mkono", msomaji astuke.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kuandika. Usiandike masaa yote 11. Saa moja ya rekodi kwa mtu aliyezoea inakula masaa matano mpaka sita ya kuandika neno kwa neno, na mzee anayechanganya Kikibosho na Kiswahili inazidi hapo, utakufa njiani. Chukua daftari la mistari, sikiliza yote bila kuandika habari, andika tu dakika na anachozungumzia, "2:14 kahawa stoo, 2:31 mfongo wa maji, 2:50 anaimba kidogo", na pembeni weka alama kila unaposikia sentensi uliyoisikia kabla. Ukimaliza utajua vibwagizo vyake ni vipi, kwa kawaida mtu ana vitatu, vinne. Utajua pia ni wapi amesimulia kitu kimoja mara mbili. Hapo ndipo unachagua masaa manne au matano ya kuandika kweli. Ukiandika tumia VLC kuchezea rekodi, weka spidi 0.75x, na kila pumzi bonyeza Enter kama nilivyofanya hapo juu. Itaonekana kama shairi, usijali, hiyo ni nakala ghafi, utaitunza hivyohivyo hata kitabu kikishatoka, na hutairekebisha kamwe. Kazi inafanyika kwenye kopi.

Kwenye kopi sasa unaunganisha mistari iwe aya. Pumzi fupi inakuwa mkato, pumzi ndefu nukta, pale aliponyamaza kabisa mpaka ukasikia kuku nje, anza aya mpya. Usifuate sheria ya mkato ya kitabu cha darasani, fuata kifua chake. Kipande chetu kikishatengenezwa mimi ningekiacha hivi:

*Basi tukajitwisha. Mama debe lake, mimi langu, la kwangu dogo, siyo debe kamili, galani. Tukashuka. Tukashuka tukashuka, tukafika stoo. Tumefika stoo, karani akachukua punje moja, akaitia menoni, akabana. Kimya. Kahawa kavu inalia. Hii haikulia. Akasema mama, hii mbichi. Hii mbichi, rudisha.*

*Mama hakusema neno.*

*Akajitwisha debe lake, mimi galani yangu. Tukapanda. Sasa kupanda siyo kama kushuka, wewe mwenyewe unapanda pale na gari linalia. Tukapanda. Tukapanda. Tukapanda.*

Hesabu nilichofuta, ni maneno machache mno. Nimetoa kutafutatafuta neno na galani moja. Ile "tukapandaaa" nimeinyoosha kwa sababu herufi tatu za a kwenye kitabu zinaleta utani wa meseji, nukta zilizotenganisha ndizo zinazobeba mvuto wake. Na "karani akabana, kimya" sijaongeza kitu, ingawa mkono uliwasha kuandika "akaonekana kutoridhika".

Halafu uone nilivyoacha "wewe mwenyewe unapanda pale na gari linalia". Huyo "wewe" ni wewe mjukuu, na wengi wanamfuta wakidhani kitabu lazima kizungumze na watu wote. Babu hakuzungumza na watu wote. Ukifuta maswali yako, na uyafute mengi maana kitabu siyo mahojiano, majibu yanabaki yanaelea, "eeh, nilipanda, mbona", msomaji hajui anajibiwa nini. Badala ya kumtungia babu sentensi ya kuunganisha, mwache akuite, "sasa wewe unaniuliza mfongo ulikuwa wa nani", swali limeshaingia mdomoni mwake. Ukurasa wa kwanza andika mistari miwili tu kwamba anaongea na mjukuu wake, jikoni au chini ya mgomba au popote mlipokuwa mmekaa, inatosha kitabu kizima.

Kuna njia ya haraka ya kujua ni wapi umeingilia. Fungua faili lako, bonyeza Ctrl+F, tafuta "hata hivyo", "aidha", "kutokana na", "hivyo", "hatimaye", "katika". Hayo ni maneno ya taarifa ya habari, kwenye klipu yako sijayasikia hata moja. Kila utakapoyakuta, rudi kwenye rekodi usikie alisemaje, tisa kwa kumi utakuta ni -ka- tu. Akachukua, akaitia, akabana. Hiyo -ka- ndiyo miguu ya usimulizi wetu, ukiibadilisha ikawa "alichukua na aliitia na alibana" hadithi inasimama kama ripoti ya polisi. Mara nyingine katikati ya -ka- anaruka anaanza "huyo anakuja", kama kitu kinatokea sasa hivi. Usisahihishe wakati. Ameruka kwa sababu pale anaona.

Misemo. Uliniambia kwenye simu babu anapenda kusema "asiyesikia la mkuu" halafu ananyamaza, ukaniuliza umalizie. Usimalizie. Nusu methali ni adabu ya wazee, anakuachia wewe useme iliyobaki kimoyomoyo, ukiiandika nzima unakuwa kama yule mtoto anayedakia. Weka nukta, endelea. Ile ya Kikibosho ni habari nyingine, iandike kwa Kikibosho chake kwanza kabla ya tafsiri, na usiiandike mwenyewe kwa kusikia tu kwa sababu wewe umekulia mjini. Kichagga siyo kimoja, wa Machame na wa Rombo wanaweza wakakaa meza moja wakaishia kuongea Kiswahili, kwa hiyo usimpelekee Mchagga yeyote tu, tafuta mtu mzima wa kijiji chake anayejua kuandika, kaa naye uso kwa uso asikilize klipu, akuandikie. Tafsiri usiibandike pembeni kama kamusi. Sikiliza babu mwenyewe, wazee wakishasema msemo mara nyingi sentensi inayofuata ndiyo maelezo yake, na kama haikufuata muulize "babu huwa mnasema hivyo mtu akifanya nini" na jibu lake ndilo tafsiri yako. Maneno kama kihamba, mbege, masale, mfongo yaache yalivyo, wasomaji wako ni ukoo, na wale wajukuu wa Dar wataelewa kwa kinachofanyika kwenye sentensi.

Miaka nayo. Babu anasema "mwaka ule mwenge ulipopandishwa mlimani", usifute ukaandika 1961. Kwake mwaka ni mwenge, na wewe uhakika wa tarehe weka nyuma ya kitabu, ukurasa mmoja, kushoto maneno yake kulia mwaka, pale mwenge 9 Desemba 1961, pale "siku vyama vilipovunjwa", yaani vya ushirika, 1976. Ukiona maneno yake na mwaka havikubaliani usimsahihishe ndani ya hadithi, andika tu huko nyuma. Na kama kasimulia kitu kimoja mara mbili tofauti, usichanganye nusu huku nusu kule, utapata hadithi ya tatu ambayo hakuna aliyeisema. Chagua moja iwe uti wa mgongo, mara nyingi ile aliyosimulia bila kuulizwa, na kutoka ile nyingine chukua sentensi nzimanzima tu.

Nikuambie ukweli kuhusu njia hii, ina gharama. Kitabu kitakuwa cha taratibu, kuna watu wa familia watasema mbona hajui Kiswahili, na kuna mmoja anaweza kuwa babu mwenyewe. Mzee aliyesoma darasa la nne akajitahidi maisha yake yote aonekane mtu wa heshima, ukimsomea "la kwangu dogo siyo debe kamili" anaweza akasema, mjukuu wangu andika vizuri, usiniaibishe. Hapo siyo wewe wa kubishana, maneno ni yake. Mimi nilipopata mzee wa hivyo tulikubaliana, sehemu za barua na hotuba zake za kanisani tukaziandika kwa Kiswahili cha suti, hadithi za utotoni tukaziacha, akaridhika. Ila msomee kwa sauti, usimpe karatasi. Akisoma kwa macho ataona makosa, akisikia ataanza kudakia. Nusu saa, dakika 40 usizidishe, na simu iwe inarekodi maana anapodakia ndipo anapotoa vitu bora kuliko vya mwanzo.

Kuna sehemu usizibebe peke yako. Ya mpaka wa kihamba na majirani uliyoniambia, kabla haijachapwa hata kopi kumi kaa na wazee wa ukoo, na kama kuna kesi au inanukia kesi muone wakili, kwa sababu kilichokuwa maneno ya babu jikoni kikishachapwa mtu anaweza kukibeba mpaka baraza la ardhi. Na kama unaona kwenye rekodi za karibuni anakuuliza wewe ni nani, au anasimulia kitu kilekile mara tatu ndani ya dakika kumi bila kujua, hiyo siyo kibwagizo tena. Kibwagizo anakirudisha mahali panapokihitaji, huku kusahau kunarudi popote. Hapo mpeleke hospitali aonwe, na rekodi ziache kwanza.

Leo usiku, kabla hujafanya chochote, hizo faili za simu zikopi sehemu mbili, flashi moja ikae kwako na nyingine kwa shangazi. Na usiwe unazirusha kwa wasap kama sauti, zinaweza zikabanwa, zitume kama dokyumenti. Halafu rudia kurasa zako mbili za kwanza kwa njia hii, mpelekee shangazi, usimpe asome, msomee. Ukifika "mama hakusema neno" nyamaza kidogo kama babu alivyonyamaza, umwangalie usoni.